"Kula bata" na Maulidi

Jana nilikuwa karibu kuposti tangazo la nyumba ya wageni ninayoifanyia kazi hapa Lamu: "Mfungo Sita umefika! Njoo Maulidi, tule bata hadi asubuhi!" Picha ilikuwa ya jahazi machweo, wageni wanacheka. Nzuri kweli.

Kabla ya kubonyeza nikamwonyesha shangazi yangu, maana huwa sitoi tangazo la sikukuu bila mtu mwingine kulisoma kwa sauti. Akasoma mara moja, akanitazama. "Mwanangu, huku watu wanamswalia Mtume, wewe unawaitia bata?" Nilitaka kujitetea kwamba ni lugha ya vijana tu. Lakini kweli, ukiweka "kula bata" karibu na Maulidi, msomaji anaona ulevi na starehe.

Kisha akaikuza picha kwa vidole viwili. Kwenye kona, chini ya tanga, glasi mbili za mvinyo! Mimi nilikuwa nimeangalia nyuso tu.

Nikaandika upya: "Wageni wanaokuja Lamu wakati wa Maulidi, vyumba vipo. Karibu na Msikiti wa Riyadha tafadhali vaeni nguo za heshima, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha." Picha nikaweka ya mbio za punda.

Nilikuwa pia nimeandika "Waislamu wote wanasherehekea". Nikafuta. Wapo wasiosoma Maulidi, na ubishi huo sikuutaka chini ya bei za vyumba.