Asilimia 9 ya chaji

Novemba 2017 nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, mjini Moshi, si mbali na mnara wa saa. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Saa 4 kasoro dakika 12 kompyuta ilikuwa imebaki na chaji asilimia 9, na kiongozi wa kundi la watu 14 kutoka Dar es Salaam alikuwa amenipigia simu mara ya pili. Walikuwa kikaoni. Kikao kikiisha saa 4 wangetawanyika, mmoja wao akakate tiketi za basi za wote, mwingine aende benki kulipa malipo ya awali.

"Kaka, tunaisubiri barua yako tu," alisema.

Barua ilikuwepo. Niliiandika usiku wa kuamkia siku ile, nimechoka, kwa kunakili barua ya kundi lililopita na kubadilisha vitu humo humo. Nilipoifungua nikaona imejaa makosa kila mstari. "Karubuni sana Moshi." "Tutfurahi kuwapokea." Mahali pa kulala nilikuwa nimeandika "mahari pa kulala", na hilo liliniuma kuliko yote, maana mimi Kiswahili nakipenda na nilijua dada yule aliyenipigia ni mwalimu.

Nikaanza kurekebisha kutoka juu, neno kwa neno. Kompyuta ile haikuwa na kamusi ya Kiswahili, kwa hiyo ilikuwa imepiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, zima na bovu sawasawa. Dakika tatu zikaisha nikiwa bado kwenye aya ya salamu.

Mama mhasibu wetu alikuwa amekaa meza ya pili. Alikuwa ameshakagua hati za malipo miaka mingi kabla mimi sijamaliza shule. Akaniuliza nimefika wapi, nikamwambia.

"Hizo salamu ziache, mwanangu. Mtu akisoma 'karubuni' anajua umekosea na anajua ulitaka kusema nini. Nitafutie lile ambalo akilisoma hatajua kama ni kosa."

Akaivuta fomu ya kundi kutoka kwenye faili, akaishika yeye. Mimi nikashika kompyuta. Kila namba niliyoisoma kwenye barua, yeye aliitafuta kwenye fomu na kunijibu. Tulikubaliana nisome kilichoandikwa, si ninachokikumbuka, kwa sababu macho ya mwandishi huona alichokusudia.

"Mtafika Moshi Jumanne tarehe 5 Desemba," nikasoma.

"Hapana. Fomu inasema Jumatatu tarehe 4. Tarehe 5 wanaanza kupanda."

Nilihisi baridi. Kundi lile lilitaka kufika kileleni tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, na ratiba yao ya njia ya Machame ilihesabiwa kurudi nyuma kutoka siku hiyo: tarehe 5 wanaingia geti la Machame, usiku wa tarehe 8 wanaondoka kambi ya Barafu, alfajiri ya tarehe 9 wako juu. Basi linalotoka Dar alfajiri hufika Moshi jioni. Wangekata tiketi za tarehe 5, siku ya kwanza ya kupanda ingekuwa imekwisha wakiwa barabarani. Kibaya zaidi, tarehe 5 Desemba mwaka ule ilikuwa Jumanne kweli. Siku na tarehe zilipatana. Ningekuwa nimeandika "Jumatatu tarehe 5", huenda mtu mmoja kati ya wale 14 angeangalia kalenda akauliza. Kwa jinsi nilivyoandika, hapakuwa na cha kumshtua mtu.

Nikabonyeza `Ctrl+F`, nikaandika "tarehe", ili nisirekebishe pale juu nikaiacha chini. Ilikuwa mara nne. Moja zaidi ilikuwa na kosa lile lile, kwenye aya ya mwisho, ambayo kwa mwendo wa mwanzo nisingeifikia kabisa.

Kiasi cha malipo ya awali nacho kilikuwa kimekosewa. Kwa kila mtu niliandika shilingi 200,000, jumla 2,600,000. Hiyo ilikuwa jumla ya watu 13, kabla ya mmoja kuongezeka. Ilichukua sekunde chache kuifanya 2,800,000. Namba ya akaunti ilikuwa sahihi, lakini mama alinisomesha tarakimu moja moja, mara mbili, na hakuniruhusu kuharakisha.

Chaji asilimia 6.

Baada ya namba akaniambia nitafute kila sehemu tunayowaambia wafanye kitu au wasifanye. Hapo ndipo nilipotafuta herufi tatu, `mta`, kwa sababu zimo ndani ya "mtakuja" na zimo vilevile ndani ya "hamtakuja". Kompyuta ikanipeleka sehemu tisa. Ya sita ilisema: "Mifuko ya kulalia hamtakuja nayo."

Kundi lililopita walikodi mifuko yetu. Hawa hawakukodi. Walitakiwa waje na ya kwao, na Barafu iko juu ya mita 4,600, usiku maji ya chupa huganda. Kosa lote lilikuwa herufi mbili za mwanzo, "ha". Hata kamusi nzuri ya kompyuta isingelipigia mstari, kwa kuwa "hamtakuja" ni neno safi la Kiswahili. Nikazifuta, kisha nikaisoma sentensi nzima kwa sauti, maana ukifuta haraka ni rahisi kula na herufi ya tatu. "Mifuko ya kulalia mtakuja nayo." Nikaongeza: "sisi hatutakuwa nayo." Nilitaka jambo hilo lisisimame juu ya silabi moja tena.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Niliomba nizitumie kwenye "mahari". Mama akasema kwanza jina. Na kweli, barua ilianza kwa jina la kiongozi wa kundi lililopita. Kosa hilo lisingempoteza mtu njia, lakini dada yule angejiuliza kama barua nzima ni ya kwao, na angekuwa na haki ya kutoamini hata tarehe tuliyoihangaikia. Nikaandika jina lake, nikalilinganisha na fomu. Kisha "mahari" ikawa "mahali", kwa kubadili herufi moja. Mama akatikisa kichwa, akaniachia.

Nilituma saa 4 kasoro dakika 1, chaji asilimia 4. "Karubuni" ilikwenda hivyo hivyo. "Tutfurahi" nayo, na makosa mengine ya namna hiyo ambayo sikuyahesabu.

Saa 4 na robo simu ikaita.

"Kaka, tumeipata, tiketi tunakata za tarehe 4. Ila nisaidie kitu kimoja. Sisi si tunapanda Machame?"

"Ndiyo, dada. Machame."

"Mbona kichwa cha barua kinasema njia ya Marangu?"

Barua nzima tuliipitia, mimi na mama, lakini ule mstari wa juu kabisa, wa kichwa, hakuna aliyeutazama. Ulikuwa bado wa kundi lililopita. Na yeye alikuwa ameshawatumia wenzake wote, na wawili kati yao walishaanza kumuuliza kama kule Marangu si watu hulala kwenye vibanda, mahema ya nini tena.

Nilimwomba radhi. Umeme uliporudi saa 9 alasiri niliandika barua ya pili, nikaanzia kwenye kichwa.