Kibua alinifuata mpaka harusini

Nakaanga samaki Mbagala, kwa kuni. Alfajiri nakwenda Feri kununua vibua, mchana nawatumbua na kuwaosha, na kuanzia saa kumi jioni niko mbele ya karai mpaka samaki waishe. Nguo zangu kwa hiyo zinapata yote matatu kwa siku moja: maji ya samaki, mvuke wa mafuta na moshi. Kwa miaka mingi niliyahesabu kuwa ni uchafu mmoja, unaotolewa na sabuni nyingi na kufikicha kwa nguvu. Nilikosea.

Nilijua nimekosea siku ya harusi ya binamu yangu. Sare yetu ilikuwa doti ya khanga na kilemba chake, na mimi wiki moja kabla nilikuwa nimeivaa kwenye karai kwa sababu khanga zangu za kazi zilikuwa hazijakauka. Nikaifua kwa sabuni ya unga, nikaipiga pasi, nikainusa: safi. Kwa kujihakikishia nikaifukiza udi. Tumefika ukumbini, watu wamejaa, joto, ngoma imekolea, jasho likaanza kunitoka. Wifi yangu akanisogelea, akaninong'oneza, "Wifi, umepitia kazini?" Shombo lilikuwa limerudi, na sasa limechanganyika na udi na moshi. Udi juu ya shombo ni harufu ya tatu ambayo sijui niiite nini. Nilikaa karibu na mlango mpaka mwisho.

Kesho yake nilimsimulia bibi mmoja jirani yangu, mtu wa Pemba. Akacheka kwanza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, samaki wako unawatoaje vumba kabla ya kuwakaanga?"

"Kwa ndimu na chumvi, bibi."

"Sasa nguo umeionea nini?"

Nikaenda nikakamua ndimu kwenye beseni lile lile la sabuni ya unga. Haikusaidia kitu: povu likafifia, mafuta yakabaki, shombo likabaki. Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu anayesoma kemia. Shombo la samaki wa baharini, akasema, kwa sehemu kubwa ni trimethilamini, nayo ina tabia kama ya magadi. Ikikutana na ndimu au siki inageuka chumvi isiyoruka hewani, kwa hiyo pua haiipati, na maji yanaichukua. Ikikutana na sabuni, ambayo nayo ina ukali wa magadi, inafumuka. Ndiyo maana beseni la nguo za samaki hunuka zaidi pale unapotia sabuni! Moshi na mafuta ni kinyume chake. Masizi yana utomvu unaonata kwenye mafuta, na mafuta hayatoki kwa ndimu, yanataka sabuni. Ukiviweka sabuni na ndimu pamoja, kila kimoja kinamuua mwenzake. Kwa hiyo vyote viwili vinahitajika, ila kila kimoja kwa zamu yake.

Tangu hapo nafua hivi. Usiku ule ule nikitoka kwenye karai, kabla ya kulala, natia khanga na kilemba kwenye maji ya baridi matupu, bila sabuni, nasuuza mara mbili mpaka maji yasiwe na utelezi. Ni lazima yawe ya baridi, kwa sababu damu na ute wa samaki ukiumwagia maji ya moto unaganda kwenye uzi kama yai linavyoganda. Halafu nachukua sabuni ya kipande, nasugua pale penye mafuta: kifuani, kwenye mikono, na kwa kilemba ule upande unaogusa paji la uso na nywele. Naiacha na sabuni yake nusu saa. Ndipo nafua kwa maji ya uvuguvugu, na khanga ya pamba isiyochuja rangi naweza kuipa maji ya moto kidogo. Nasuuza mpaka povu liishe kabisa. Hapa usiwe na haraka, maana sabuni ikibaki itaimaliza nguvu siki inayofuata.

Siki inakuja mwisho. Kwenye maji ya lita 10 natia kikombe kimoja cha chai cha siki nyeupe. Siki ikikosekana, nakamua ndimu saba au nane na kuchuja ili nyama za ndimu zisigande kwenye nguo. Nguo inalala humo nusu saa, nasuuza mara moja kwa maji safi, naanika. Harufu ya siki yenyewe huondoka nguo ikikauka. Jambo moja la hatari: kama umeloweka nguo nyeupe kwa jiki, usithubutu kutia siki wala ndimu kwenye maji hayo. Hutoka hewa ya klorini inayochoma kifua.

Kuanika nako nilikuwa nakosea. Kamba yangu ilikuwa uani, hatua tano kutoka kwenye mafiga, kwa hiyo nguo mbichi ilikuwa inakunywa moshi wa jioni upya. Sasa naanika asubuhi na kuanua kabla sijawasha moto.

Kujua kama imetoka kweli, usiinuse nguo kavu, itakudanganya kama ilivyonidanganya mimi. Harufu hizi huamka kwa joto na unyevu, ndiyo maana ukumbini ziliniumbua. Nalowesha kidogo sehemu ya kwapani au ukingo wa kilemba, napitisha pasi ya moto, nanusa ule mvuke. Na pua isiwe yangu. Mtu aliyeshinda kwenye karai hanusi tena shombo lake mwenyewe, kwa hiyo namwita binti yangu asubuhi akiamka. Kwa khanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi naongeza kipimo kingine: nadondosha tone la maji. Likinywewa papo hapo, mafuta yametoka. Likikaa juu kama kishanga, narudi kwenye sabuni. Khanga mpya yenye wanga usiipime hivyo.

Ile sare ya harusi ilinichukua mizunguko miwili. Wa kwanza ulitoa shombo, lakini mvuke wa pasi bado ulikuwa na moshi, na tone la maji lilikaa juu pale kifuani. Nikasugua pale tu kwa sabuni ya maji ya vyombo, nikaiacha saa nzima, nikarudia mpaka siki. Binti yangu akanusa, akasema inanuka pasi.

Mtandio wangu wa polista haukukubali. Uzi wa namna ile hushika mafuta kuliko pamba, na maji ya moto sana huukunja. Nimeufua mara nne, kila mara mvuke unatoa kibua. Nimeuacha uwe wa kazini, na tangu hapo polista hainisogelei jikoni. Kichwani nafunga kipande cha khanga kuukuu kinachofunika nywele zote, maana nywele zenye mafuta hubeba moshi na kuurudisha kwenye kilemba kisafi siku ya pili. Hilo nililigundua baada ya kukilaumu kilemba kisicho na kosa kwa karibu mwezi mzima.