Nyanya zangu ziligeuka njano mara tatu msimu mmoja, na sababu zilikuwa tatu

Shamba langu liko Ilula, wilaya ya Kilolo, kwenye mteremko unaoishia bondeni. Juu udongo ni kichanga. Ukishuka kama hatua 60 unakuta mfinyanzi mweusi unaonata miguuni, kwa sababu huko chini palikuwa kinyungu, yaani bustani ya bondeni, cha mama mkwe tangu zamani. Ni robo eka, na mwaka ninaousimulia niliweka humo miche kama 2,600 ya Manimeka, mistari ikiachana sentimita 75 na mche kwa mche sentimita 50. Niliipandikiza mwanzoni mwa Juni. Maji yanatoka mfereji wa juu, yanaingia mitaroni kati ya matuta na kuteremka yenyewe hadi chini.

Wiki ya sita majani ya chini yakaanza kupauka. Majani mawili ya chini kabisa kuzeeka na kuanguka si jambo la kunisumbua, ila haya yalikuwa manne hadi matano kila mche, na yalianza karibu shamba zima. Jirani alipita asubuhi, tukaamkiana kamwene, akainama akatazama, akasema, "Dada, hizi zina njaa. Ziwekee mbolea ya kukuzia." Sikuona cha kubishia. Nilinunua CAN, nikaweka kizibo kimoja cha soda kila mche, ambacho ni kama gramu 5, kwa kuizungushia duara umbali wa kiganja kutoka kwenye shina na kuifukia. Zilikwenda kilo 13. Kisha nikamwagilia kama kawaida yangu, kila baada ya siku mbili.

Siku ya nane ndipo niliposhtuka. Mistari ya juu ilikuwa imebadilika, majani mapya kileleni yamekuwa mapana na ya kijani kilichokolea. Huko chini njano ilikuwa imepanda hadi katikati ya mche, na saa sita mchana miche ilinyauka kana kwamba ina kiu, ilhali mtaroni maji yamesimama. Mbolea ni ileile, mkono ni uleule, siku ni ileile. Kama ugonjwa ungekuwa njaa peke yake, chini nako kungepona.

Nilimwomba bibi shamba wetu aje. Alipofika hakugusa jani. Alianza kwa kutembea kutoka juu hadi chini, akiangalia njano imekaa wapi shambani, halafu akaomba panga. "Mwanangu, jani linakuambia kuna shida. Shida yenyewe iko huku chini," alisema, akachimbua mche mmoja wa bondeni na bonge lake lote la udongo, na mwingine wa juu, akailaza sambamba juu ya kiroba.

Ule wa juu ulikuwa na mizizi myeupe, yenye vinyweleo vinavyoshika mchanga. Ule wa bondeni mizizi yake ilikuwa ya kahawia, michache, na bonge lilinuka kama matope ya dimbwi. Alishika mzizi mmoja kwa vidole viwili akauvuta taratibu. Ganda la nje likavuka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba katikati. Akanionyesha pia jambo ambalo nilikuwa naliona kila siku bila kulielewa. Kwenye shina, juu kidogo ya udongo, kulikuwa na vinundu vyeupe kama upele. Hiyo ni mizizi mipya ambayo mche unajaribu kuitoa mahali penye hewa, kwa sababu ile ya chini inakosa pumzi.

Tukarudi kwenye majani, safari hii nikiwa na cha kulinganishia. Katika mche wenye upungufu wa naitrojeni, ndiyo njaa aliyoisema jirani, jani zima hupauka kwa usawa, mishipa na nyama yake pamoja, likianza la chini kabisa na kupanda. Mche ukikosa naitrojeni huinyonya kutoka majani makuukuu ili kulisha machanga, ndiyo maana njaa hii haianzii kileleni. Shina huwa jembamba na mche mfupi, lakini haunyauki mchana. Kwenye mche uliozama maji njano nayo huanzia chini, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Tofauti ni kwamba vikonyo vya majani vinainama kuelekea chini huku jani lenyewe likiwa bado limejaa maji. Ukilishika ni zito, halina ulaini wa jani lenye kiu. Halafu mche unanyauka juani udongo ukiwa umelowa. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Mche wenye kiu unyauke kwenye udongo mkavu, hilo naelewa; ukinyauka kwenye tope, ama mizizi imekufa ama kuna kitu kimeziba shina.

Kilichonifungua macho zaidi ni kwamba njano ya juu na njano ya chini zilikuwa na mama mmoja. Ratiba yangu ya maji niliizoea tangu kilimo cha Oktoba, jua likiwa kali. Juni na Julai huku kwetu ni baridi, udongo haukauki upesi na mche wenyewe unakunywa kidogo. Kwa hiyo maji yalikuwa yanazidi shamba lote. Kichangani hayakutuama, yalizama yakaishusha naitrojeni chini ya mizizi, na miche ikabaki na njaa ya kweli. CAN ikaitibu. Kwenye mfinyanzi yalisimama yakafukuza hewa. Mzizi usio na hewa hauvuti mbolea hata ukiifukia kilo nzima, na katika udongo uliofurika vijidudu vya udongo huigeuza sehemu ya naitrojeni hiyo kuwa gesi ikapotea. Kilo zangu za bondeni zilipotea namna hiyo.

Tiba ya chini haikuhitaji duka. Nilichimba mtaro wa kutolea maji ukingoni mwa shamba, kina cha goti, nikaziba midomo ya mitaro ya bondeni, na sikumwagilia huko kwa siku tisa. Nilikwatua juu juu ili uso wa udongo upumue, nikainulia udongo kwenye mashina hadi kufunika vile vinundu vyeupe ili vipate kuwa mizizi. Mbolea sikuongeza mpaka nilipoona jani jipya lenye afya, ambalo lilichukua karibu wiki mbili. Majani yaliyokwisha kuwa njano hayakurudi, na sikuyasubiri. Ukitaka kujua kama tiba imekubali, tazama yale matatu ya kileleni. Miche kama 70 ilikuwa imeoza mizizi kupita kiasi, hiyo ilikufa.

Tangu hapo simwagilii kwa kuhesabu siku. Nachimba kwa mkono hadi kina cha kiganja, nafumbata udongo. Maji yakichuruzika kati ya vidole, naondoka. Donge likishikamana na likavunjika nikilidonoa, nasubiri kesho. Likikataa kufanyika donge, nafungulia maji. Kipimo hiki ni cha mfinyanzi. Kichanga hakifumbatiki vizuri hata kikiwa na unyevu, kwa hiyo huko juu naangalia kama chembe zinagandia kiganjani.

Mwisho wa Agosti joto likarudi, matunda yakaanza kujaa, na njano ikarudi nayo. Nilikuwa na hakika ni maji tena, nikakimbilia kuchimba. Udongo ulikuwa sawa, mizizi myeupe. Na safari hii njano haikufuata mteremko. Mche mmoja hapa, mizima miwili, mwingine pale, zaidi katikati ya shamba.

Nilipokaa chini karibu na mche mmoja nikaona jambo la ajabu. Matawi ya upande wa kulia yalikuwa njano kabisa na yamelegea, ya kushoto yakiwa ya kijani kama hakuna lililotokea. Kulikuwa na jani moja ambalo lenyewe lilikuwa limegawanyika. Vijani vya upande mmoja wa uti vilikuwa njano, vya upande wa pili kijani. Njaa haifanyi hivyo, wala maji hayafanyi hivyo, kwa sababu vyote viwili huugusa mche mzima. Njano inayochagua upande ina maana kuna mirija fulani ndani ya shina imezibwa na mingine bado iko wazi.

Nilikata shina karibu na udongo, nikalipasua kwa urefu kwa kisu cha jikoni. Kiini cha katikati kilikuwa cheupe, lakini chini tu ya ganda kulikuwa na mstari wa kahawia kama chai, ukipanda juu. Huo ni mnyauko fusari, ukungu unaoingilia mizizini na kuishi ndani ya mirija ya maji. Nilipasua na mche mzima kando yake kwa kulinganisha; ndani ulikuwa wa kijani cha maji maji. Ipo nduguye, mnyauko wa vetisili, ambao nao hutia kahawia na kwa macho peke yake hautofautiki kirahisi. Kwa kawaida huo hupenda ubaridi, na mimi nilikuwa kwenye joto. Mnyauko bakteria ni habari nyingine. Huo humaliza mche ukiwa bado kijani, kwa siku chache, na kipande cha shina kikiningʼinizwa kwenye glasi ya maji safi hutoa nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache. Nilijaribu, glasi yangu ikabaki safi.

Mche wenye fusari hauna dawa ya kuuponya. Niliambiwa dukani ninunue ya ukungu nipulize, nikakataa, kwa sababu dawa inayokaa juu ya jani haifiki ndani ya mirija ya shina. Niling'oa miche 43 pamoja na mizizi, nikaichoma nje ya shamba. Mitaro iliyopita sehemu hiyo niliifunga, maji yasibebe udongo wake kwenda chini, na jembe nililolitumia hapo nililisugua kabla ya kuhamia mistari mingine. Kosa langu lilianzia kwenye mbegu. Manimeka haina kinga ya fusari, na kipande kile nilikuwa nimekipanda nyanya misimu mitatu mfululizo. Sasa nikinunua mbegu nasoma pakiti, natafuta herufi F kwenye orodha ya kinga.

Njano moja bado ilinibabaisha, ya Septemba. Majani ya chini na ya katikati, mishipa kijani, nyama kati ya mishipa njano, kama ramani ya mito. Ilikuwa miche yenye matunda mengi, pande zote mbili sawasawa. Hiyo ni njaa ya magnesi. Nilipuliza chumvi ya Epsom, gramu 20 kwa lita moja ya maji, jioni, mara mbili kwa kupishana siku kumi, na majani ya juu hayakugeuka njano.

Kipande cha katikati sasa kina mahindi. Ukungu ule huishi ardhini miaka mingi, kwa hiyo nyanya, biringanya na pilipili sijazirudisha hapo. Bondeni nimeongeza mtaro wa pili.