Mmepimia wapi, mwalimu?

Ijumaa usiku. Mitihani ya majaribio imekwisha, harusi ya Zuhura imepita salama, kaka amesharudi Mombasa, na mimi bado nimeganda kwenye maneno matatu ya mzee anayetunza lile daraja: "Mmepimia wapi, mwalimu?"

Daraja mnalijua, ni lile la waenda kwa miguu nililoliandika wakati wa masika. Jumanne nililipeleka darasa la kidato cha tatu. Kazi ilikuwa kuchukua vipimo vitatu vya kebo inayolibeba daraja na kupata mlinganyo wake, y = ax² + bx + c. Nguzo hadi nguzo ni mita 40. Tuliweka sifuri kwenye nguzo ya kushoto, tukapima kimo cha kebo juu ya mbao za sakafu mahali patatu. Nguzoni kushoto ilikuwa mita 5.20, katikati kwenye mita 20 ilikuwa 1.00, na nguzoni kulia, mita 40, ilikuwa 4.80.

Vipimo vikiwa na nafasi sawa hakuna haja ya kuhangaika na milinganyo mitatu kwa mpigo. Kutoka kushoto hadi katikati kebo imeshuka 4.20, yaani −4.20. Kutoka katikati hadi kulia imepanda 3.80. Tofauti ya hizo tofauti mbili ni 3.80 − (−4.20) = 8.00. Hiyo 8.00 ndiyo moyo wa hesabu yote. Kwenye parabola, kila ukisogea nafasi moja ya urefu h, badiliko la kimo huongezeka kwa kiasi kilekile, nacho ni 2ah². Hapa h ni 20, kwa hiyo 2 × 20² = 800, na a = 8.00 ÷ 800 = 0.01. Namba c ni kimo cha pale sifuri, 5.20. Iliyobaki ni b: hatua ya kwanza ni ah² + bh, kwa hiyo −4.20 = 4 + 20b, na b = −0.41.

y = 0.01x² − 0.41x + 5.20

Mahali pa chini kabisa ni −b ÷ 2a, yaani 0.41 ÷ 0.02 = mita 20.5. Wanafunzi walishangaa kwamba si katikati. Ni kwa sababu ncha ya kulia iko chini kidogo kuliko ya kushoto, basi kebo hunepa ikielekea upande ulio chini. Mwanafunzi aliyezoea michoro ya kitabuni hukimbilia kuandika kipeo katikati bila kupima, na hapo ndipo hukosea.

Baadaye nikawaambia jambo ninalolisisitiza kila mwaka: nukta tatu haziwezi kukukatalia. Nukta zozote tatu zenye x tofauti na zisizo kwenye mstari mmoja zitakupa parabola moja, iwe kitu ulichopima ni parabola au ni mgongo wa ng'ombe. Ushahidi unaanza kwenye nukta ya nne. Tukaenda mita 10 kutoka kushoto. Mlinganyo unasema 1 − 4.10 + 5.20 = 2.10. Futi ya utepe ikasoma 2.11. Walipiga makofi, nami nilifurahi kwa dhati.

Nukta ya nne ina kazi kweli, sikuwadanganya. Mnyororo unaoning'inia kwa uzito wake wenyewe si parabola. Mwanahisabati Mholanzi Christiaan Huygens alithibitisha hilo mwaka 1646 akiwa na miaka 17. Kebo ya daraja huwa parabola kwa sababu mzigo mkubwa ni sakafu, na sakafu imegawanyika sawasawa kwa kila mita ya mlalo. Lakini ikinepa kidogo, macho hayatofautishi. Mnyororo wa upana wa mita 40 na mnepo wa mita 4 hupishana na parabola kwa kama sentimita moja tu pale kwenye robo. Mnepo ukiwa mkubwa ndipo siri inapotoka. Shika mnyororo kwenye ncha zilizo mita 2 mbalimbali, uuache unepe mita 2. Kwenye robo, parabola inadai uwe sentimita 50 juu ya chini kabisa, lakini mnyororo utakuwa kwenye 35 hivi. Ndiyo maana tao la St. Louis kule Marekani, lenye upana na kimo cha mita 192, halifai kwa zoezi hili ingawa picha zake zimejaa kwenye mazoezi ya parabola. Umbo lake limetokana na mnyororo uliogeuzwa juu chini, na kwenye robo liko zaidi ya mita 10 juu ya parabola ya upana na kimo hicho. Na walioniuliza kuhusu daraja la Kigamboni: kebo zake zinatoka mnarani moja kwa moja hadi kwenye sakafu na zimenyooka, hapo hamna parabola ya kutafuta.

Tulikuwa tunafunga mizigo. Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe akikaza nati za zile nondo zinazoshuka kutoka kebo hadi sakafuni. Nilimwonyesha daftari.

"Shikamoo mzee. Tumeipata kebo yako."

"Marahaba. Mmepimia wapi, mwalimu?"

"Kwenye mbao hapa, mzee."

"Mbao hizi?" Akazitazama kwa urefu wake, jicho moja amelifumba. Akarudi kwenye nati zake.

Basi. Hakusema neno jingine. Usiku ule niliyarudia maneno hayo mpaka nikaelewa alichokiona kwa jicho moja. Sakafu ya daraja lile imebinuka. Waliolijenga waliibinua makusudi ili isije ikanepa chini ya usawa siku watu wakijaa.

Kilichonikosesha usingizi ni hiki: kwa nini nukta ya nne haikutushtua? Kwa sababu sisi hatukupima kebo. Tulipima kebo ukitoa sakafu. Sakafu nayo imepinda kwa mfano wa parabola, na parabola ukiitoa parabola unapata parabola. Nukta ya nne ingekubali, ya tano ingekubali, hata ya ishirini. Zote zingekaa vizuri juu ya mlinganyo wenye a isiyo ya kebo. Nukta ya nne inakamata kipimo kilichosomwa vibaya na umbo lisilo parabola. Haikamati mstari wa chini uliopinda.

Alhamisi nilirudi na wanafunzi wawili na mpira wa maji wa mafundi, ule unaoonyesha ndani, ambao maji hukaa usawa mmoja kwenye ncha zake zote mbili. Mpira ujazwe polepole na usiwe na kiputo hata kimoja, maana kiputo kikikaa katikati ncha mbili hazisemi kweli tena. Ncha zote ziwe wazi wakati wa kusoma. Tulisimamisha maji mita 1 juu ya mbao kwenye nguzo ya kushoto. Katikati ya daraja maji yalisimama sentimita 70 juu ya mbao. Tukahamia nguzo ya kulia kwa kuanzia alama ileile, yakasimama mita 1 tena. Yaani ncha mbili za sakafu ziko sawa, na katikati imeinuka sentimita 30. Pale kwenye mita 10 maji yalisoma kati ya 77 na 78, yaani mwinuko wa 22 na nusu hivi, robo tatu ya 30, kama parabola inavyotaka.

Kwa hiyo kimo cha kweli cha kebo katikati, kutoka usawa wa maji, ni 1.30 na si 1.00. Tofauti ni −3.90 na 3.50, tofauti ya tofauti ni 7.40, na a = 7.40 ÷ 800 = 0.00925. Si 0.01.

Kama sakafu ingeinama tu upande mmoja ikiwa imenyooka, a isingeguswa. Mstari ulionyooka hubadilisha b na c peke yake, na kipeo kinasogea, lakini upindo wa kebo unabaki uleule. Kwa anayetaka a tu, mteremko unasameheka. Mbinuko hausameheki, kwa sababu unaingia moja kwa moja kwenye ile tofauti ya pili.

Na a si pambo. Mvutano wa mlalo ndani ya kebo ni mzigo wa kila mita ukigawanywa kwa 2a. Tuchukulie kila kebo inabeba kilonyutoni 2 kwa mita watu wakiwa wamejaa. Kwa a ya 0.01 tunapata 2 ÷ 0.02 = kilonyutoni 100. Kwa a ya kweli ni 2 ÷ 0.0185, kama 108. Sakafu iliyobinuka ilitufanya tuione kebo imenepa zaidi ya ilivyo, kwa hiyo tukaiona imelegea zaidi. Kosa limeangukia upande mbaya.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tusivute uzi wa waashi nguzo hadi nguzo tukaachana na mpira. Nilikaa chini nikapiga hesabu naye palepale kwenye mbao. Uzi wa gramu 1 kwa mita ukivutwa kwa nguvu ya kilo 5 kwenye mita 40 unanepa sentimita 4 katikati. Nao unanepa kwa parabola, kwa kanuni ileile ya kebo, basi unajificha vilevile na nukta ya nne haitausema. Kwa mita 5 uzi unafaa sana. Kwa 40, maji.

Mzee hakuwepo Alhamisi. Nilitaka kumwonyesha ile 0.00925, na zaidi nilitaka kumuuliza kama alijua mbinuko ni sentimita 30 au alijua tu kwamba upo. Nimeiandika 1.30 kwa wino mwekundu juu ya 1.00 kwenye daftari la darasa na sikuifuta ile ya kwanza. Kila nikifumba macho naona lile jicho lake moja likitembea juu ya mbao kutoka nguzo hadi nguzo. Sekunde tatu, labda nne.

Mvua imeanza tena sasa hivi. Bibi anakohoa chumba cha pili tangu magharibi, na ile dawa ya chupa ilibaki vijiko viwili jana. Duka la dawa la njia panda hufungua saa mbili.