Karatasi ya miamala ilinionyesha kubeti kumenishika

Naendesha bodaboda hapa Arua, Uganda. Kila nilipojiuliza kama kubeti kumenizidi, nilikumbuka siku nilizoshinda, nikatulia. Kilichonifungua macho ni taarifa ya miamala ya simu yangu. Niliiomba, nikakaa nayo na kalamu, nikasoma saa ya kila muamala kabla ya kiasi chake.

Jumamosi moja nilituma 5,000 mchana, kisha 10,000, kisha 20,000, kisha 40,000, zote kabla ya magharibi. Dau la mtu anayejiburudisha halikui kwa sababu lililotangulia limepotea. Langu lilikua maradufu kila mara, maana nilikuwa nafukuza hela zilizokwisha kwenda. Jumla ni 75,000. Hata kama dau la mwisho lingelipa mara mbili, ningepata 80,000, yaani faida ya 5,000.

Tena ile 40,000 haikuwa yangu. Juu yake tu, dakika chache kabla, palikuwa na mkopo wa simu wa kiasi hichohicho, wenye ada ya 9% kwa mwezi. Hiyo ni 3,600. Kwa hiyo nilihatarisha 75,000 ili nibaki na 1,400, na nikazikosa zote. Mkopo unaofuatwa papo hapo na dau ndiyo dalili niliyoiogopa kuliko nyingine.

Kujificha hakuonekani kwenye karatasi, lakini nilikujua: nilifuta ujumbe wa kampuni ya kubeti kabla ya kuingia nyumbani, na nilikuwa na laini ya pili ambayo mke wangu hakuijua.

Nilimpa karatasi aisome mwenyewe. Akaweka kidole kwenye mkopo. "Baba Amina, hii ndiyo uliyosema umetengeneza pikipiki?" Nikamwambia siyo. Ilikuwa vigumu kuliko yote yaliyofuata.

Tuliandikia kampuni ifunge akaunti yangu moja kwa moja. Kufuta programu kwenye simu hakutoshi, kwa sababu akaunti inabaki wazi na kuirudia ni kazi ya dakika moja. Laini ya pili nikaiacha. Mkopo tuliulipa kabla ya madeni mengine, kwa kuwa wenyewe ndio uliokuwa ukiongezeka, na nikamwomba mwenyekiti wa steji awaambie wenzangu wasinikopeshe. Mapato ya jioni sasa yanaingia kwenye kikundi chetu cha akiba, ambako huwezi kutoa pesa usiku mechi ikiendelea.

Taarifa ya simu haioni pesa taslimu ukiingia kwenye duka la kubetia. Kwa hiyo tuna daftari: nilichopata, mafuta, nilichokula, nilichokabidhi. Hesabu isipofungana, Mama Amina huniuliza jioni ileile, nami hujibu kabla hatujalala.