Boya, rada na taa: nilivyofanya mwendo ujirudie bila kikomo kwenye Blender

Mteja alitaka video ya bahari ya kuonyeshwa kwenye runinga ya ukumbi wa abiria wa boti: maboya yanapanda na kushuka, taa zake zinawaka na kuzima, na kwa mbali meli imetia nanga huku rada yake ikizunguka. Video yenyewe ni fupi, ila runinga inaicheza kutwa nzima, kwa hiyo mtazamaji hatakiwi kugundua inaishia wapi na inaanzia wapi. Mtindo ulikuwa wa katuni, maji yakiwa bapa la rangi lisilosogea, basi kazi yote ikabaki kwenye boya, taa na rada.

Wengi hutengeneza mwendo mmoja kisha wanazinakili fremu kuu mpaka mwisho wa video. Inafanya kazi, mpaka mteja aseme boya lipunguze kasi kidogo. Hapo unaanza kuvuta fremu kuu moja moja. Mimi nilitumia modifaya ya Cycles, ambayo unaiweka juu ya mstari wa mwendo ndani ya Graph Editor. Unachora mzunguko mmoja tu, nayo inaurudia mbele na nyuma bila kikomo. Ukibadilisha ule mmoja, yote inafuata.

Nilianza na boya. Video yangu ni fremu 24 kwa sekunde. Kwenye Location Z niliweka fremu kuu tatu: fremu ya 1 boya liko chini, -0.15, fremu ya 49 liko juu, 0.15, fremu ya 97 limerudi -0.15. Urefu wa mzunguko ni umbali kati ya fremu kuu ya kwanza na ya mwisho, yaani fremu 96, au sekunde 4. Hiyo thamani ya mwisho nisingeiandika kwa kukisia. Niliinakili fremu kuu ya kwanza kwa Shift+D nikaipeleka 97, maana zikipishana hata kidogo boya linashtuka kila baada ya sekunde 4.

Kisha nikauchagua mstari, nikabonyeza N kufungua paneli ya pembeni, kichupo cha Modifiers, Add F-Curve Modifier, Cycles. Before na After zote ziko Repeat Motion, na Count ni 0, ambayo maana yake ni bila kikomo. Ukiwa na mistari mingi, ichague yote ubonyeze Shift+E, kisha Make Cyclic. Kila mmoja unapata modifaya yake kwa mkupuo.

Kuna jambo la kuangalia pale kwenye mshono. Ukiacha modifaya na mipangilio yake ya kawaida, vishikio vya otomatiki vya mstari hutambua kwamba huu ni mzunguko na hujipanga ili mwisho uingie laini kwenye mwanzo. Ukiweka idadi kwenye Count, au ukivivuta vishikio kwa mkono, huo msaada unaondoka. Dalili yake si boya kuruka. Linafika mahali panapotakiwa, ila linasita kidogo au linabadilisha kasi ghafla. Ukiona hivyo, chagua fremu kuu za mwanzo na mwisho, bonyeza V, urudishe Automatic au Auto Clamped.

Rada ilikuwa rahisi zaidi. Rotation Z ni nyuzi 0 kwenye fremu ya 1 na 360 kwenye fremu ya 49, mzunguko wa sekunde 2. Kwa kawaida Blender huanza mwendo polepole na kuumaliza polepole, jambo ambalo mashine inayozunguka haifanyi, kwa hiyo nilichagua fremu kuu zote mbili, nikabonyeza T na kuchukua Linear. Hapa nilibadilisha pia Before na After kuwa Repeat with Offset. Kwa macho huoni tofauti, kwa kuwa 360 na 0 ni upande uleule. Ila kwa Repeat with Offset namba inaendelea kupanda, 720, 1080, bila kuporomoka hadi 0. Ingekuwa ni meli inayosafiri na mstari wenyewe ni Location X, hapo ndipo tofauti ingeonekana: Repeat Motion ingeirudisha bandarini kila mzunguko, Repeat with Offset ingeisogeza mbele.

Taa ndiyo iliyohitaji kufikiri. Nilipeleka kipanya juu ya sehemu ya Strength ya nodi ya Emission nikabonyeza I: 40 kwenye fremu ya 1, 0 kwenye fremu ya 13, kisha 40 tena kwenye fremu ya 73. Nikabonyeza T, Constant, ili iwake na kuzima papo hapo bila kufifia. Taa inawaka nusu sekunde, inazima sekunde mbili na nusu. Fremu kuu ya 73 inaonekana kama ya ziada, lakini ndiyo inayoiambia modifaya mzunguko unaishia wapi. Ukiifuta, mzunguko unabaki wa fremu 12 pekee, zile za kuwaka, na taa itakaa imewaka karibu muda wote. Mstari huu usipouona kwenye Graph Editor, hakikisha kitu chenye materiali hiyo kimechaguliwa. Umejificha chini ya materiali, hauko pamoja na Location na Rotation.

Maboya yalikuwa matatu, na yote kupanda kwa pamoja yanafanana na askari wa gwaride. Baada ya kunakili boya, nilichagua fremu kuu zake zote kwenye Graph Editor, nikabonyeza G na kuzisogeza mbele fremu 30, na za boya la tatu 55. Hapa ndipo Before inapolipa: fremu kuu sasa zinaanzia 31, lakini boya halikai kimya likizisubiri, kwa sababu mzunguko unarudiwa kuelekea nyuma pia. Niliongeza na kuyumba kidogo, Rotation X kutoka nyuzi -4 hadi 4 na kurudi, kwa mzunguko wa fremu 144. Kwa kuwa 144 na 96 hazikutani haraka, boya halionekani kurudia mtindo uleule.

Kishawishi kilikuwa kuongeza modifaya ya Noise chini ya Cycles ili mwendo uwe na ukorofi wa bahari. Inawezekana, mradi Cycles ibaki ya kwanza juu kwenye orodha, lakini Noise haijirudii, na video ingeshtuka kila inapoanza upya. Nikaiacha.

Swali la mwisho: video iwe na urefu gani? Lazima kila mzunguko uingie humo kwa idadi kamili. Nilitafuta kigawe kidogo cha shirika cha 96, 48, 72 na 144, kikawa 288, sawa na sekunde 12. Kwa hiyo Start ni 1 na End ni 288, si 289. Fremu ya 289 ni sawasawa na ya 1, na ukiirenda picha hiyo itatokea mara mbili mfululizo. Kabla ya kurenda nilisimama kwenye 1, nikaruka hadi 289, na nikasoma thamani kwenye paneli ya Item. Location na kuyumba vililingana. Rada ilisomeka 2160, ambayo ni mizunguko 6 kamili.

Ukitaka mwendo huu uende kwenye injini ya michezo, usitegemee modifaya ifike huko ikiwa hai. Ugeuze kwanza kuwa fremu kuu za kawaida kwa Object, Animation, Bake Action, kwa urefu wa mzunguko mmoja kamili, kisha kule kwenye injini ndiko uwashe kurudia.