Kumbukumbu ya mradi: tumeonyesha filamu kwa watu kabla ya kufunga editi

Filamu yetu fupi, ile ya kaka na dada yake Neema na shamba la zabibu kule Hombolo, Dodoma, ina dakika 22 kwa sasa. Jumamosi mchana tuliomba kibanda umiza kimoja cha Nkuhungu, saa ambayo hakuna mpira, tukaita watu 14: wanafunzi wa UDOM, bodaboda, mama lishe, na wazee wawili wanaolima zabibu. Waigizaji na ndugu zao hatukuwaita kabisa, maana mtu aliyeshasikia stori anajaza mashimo kichwani mwake bila kujua afu anakwambia iko poa. Tuliwaambia mapema tu kwamba saundi na rangi bado, ili wasipoteze muda kuzisema.

Mimi sikuangalia filamu, nilikaa pembeni nikiangalia watu, saa ya simu nimeiwasha sekunde ileile filamu imeanza. Mtu akicheka, akitoa simu, akimnong'oneza jirani, naandika dakika.

Ilipoisha tukagawa fomu kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, kwa sababu akianza yule mwenye sauti kubwa wote wanamfuata. Maswali manne: simulia stori kwa maneno yako, wapi ulichoka, wapi ulipotea, na kwa nini Neema anaondoka? Hatukuuliza "ungebadilisha nini".

Sasa hapa ndo pamenoga. Watu 9 waliandika mwisho umekuja ghafla, na kwenye maongezi wakataka tuongeze sini ya kuagana. Ukiwasikiliza hivyohivyo unarudi kushuti. Lakini kwenye swali la Neema ni 3 tu walioandika kwamba shamba limeuzwa, wengine wanadhani amekasirika tu, kwa hiyo mwisho wenyewe hauna shida, watu wanafika pale bila kujua kilichomuumiza.

Nikarudi kwenye daftari: dakika 7 na sekunde 50, kicheko kikubwa, ile sini ya mbuzi. Kwenye taimulaini, kaka mtu anasema "shamba nimeshauza" sekunde 3 baadaye, kwa sauti ya chini, banda zima bado linacheka. Na ile karatasi ya mauzo yenye dole gumba inakaa sekunde 2, mzee mmoja alisema aliona karatasi ila hakuwahi kuisoma.

Kwa hiyo nimeongeza sekunde 4 za uso wa Neema kabla ya ile kauli, na karatasi sasa inakaa sekunde 5. Mwisho sijaugusa hata fremu moja.

Jumapili tunaonyesha tena huko Kizota kwa watu wapya, hawa wa kwanza wameshajua shamba limeuzwa hawawezi tena kutupima. Swali la Neema likijibiwa na wengi nafunga editi na kumpa mtu wa saundi, maana akishaanza kupanga sauti, ukisogeza mkato hata mmoja kila kitu kilicho mbele yake kinahama.